Televisheni imejaa vigae vya matangazo na programu usizozijua: jinsi ya kutafuta chanzo

Mama mmoja mwenye mgahawa Uyole, Mbeya, alinipigia simu kabla hata chai ya asubuhi haijachemka. "Fundi, hii televisheni imeingiliwa," aliniambia. Alieleza kwamba kila akiiwasha inamfungulia mabango ya filamu ambazo hakuziomba, mstari wa kwanza umejaa programu asizozijua, na wateja wanaotaka taarifa ya habari wanamsubiri azunguke na rimoti mpaka aipate HDMI ya king'amuzi. Juu ya hayo, bando la kijana wake, ambaye ndiye anayewasha hotspoti, lilikuwa likiisha wakati hakuna mtu aliyetazama kitu chochote cha mtandaoni.

Haikuwa imeingiliwa. Ilikuwa inafanya kazi iliyopangiwa kiwandani. Nilivyoishughulikia ndivyo nitakavyoeleza hapa, kwa sababu malalamiko yake manne ndiyo ninayoyasikia kuanzia Mwanjelwa mpaka Tukuyu, na watu wengi wanaanza kuyatibu kwa kufuta kitu kisichohusika.

Hakikisha kwanza kwamba televisheni yako ni ya aina ninayoizungumzia. Tafuta Play Store ndani yake. Kama haimo, mfumo wake ni mwingine na njia za menyu hazitafanana na hizi. Kama imo, tazama juu ya skrini ya mwanzo. Ukiona neno `For you`, hiyo ni Google TV. Ukiona `Discover`, au huoni vichupo vyovyote bali mistari iliyopangana kila mmoja na alama ya programu upande wa kushoto, hiyo ni Android TV. Ya Mama wa Uyole ilikuwa Android TV ya inchi 43. Menyu nazitaja kwa Kiingereza kwa kuwa televisheni nyingi nilizokutana nazo huku wenyewe wameziacha hivyo.

Kigae hiki ni cha nani?

Swali hili ndilo linalookoa muda. Kwenye skrini moja kuna vitu vya aina tatu vinavyofanana sura. Cha kwanza ni programu yenyewe, iliyokaa ndani ya televisheni. Cha pili ni mstari wa video ambao programu fulani imeuleta ili ikuvutie uifungue. Cha tatu ni bango la matangazo linalochorwa na kizinduzi, yaani ile programu inayotengeneza skrini ya mwanzo, na picha zake zinatoka mtandaoni.

Ukifuta programu, cha kwanza kinaondoka, na mara nyingi cha pili kinaondoka nacho. Cha tatu hakitikisiki. Ndiyo maana mtu anafuta programu sita, anawasha tena, na lile bango kubwa la juu bado linamkodolea macho.

Kutambua ni rahisi. Kwa mishale ya rimoti sogea mpaka kwenye kigae, bonyeza OK na usiachie kwa sekunde mbili hivi. Ikitokea menyu yenye `Move` au `Remove from favorites`, hiyo ni programu. Ikitokea menyu inayohusu video, mathalani `Add to Play Next`, hicho ni cha mstari. Ikiwa hakuna menyu ya maana, au kigae kinafunguka tu na kukupeleka kwenye filamu ya kununua, mara nyingi ni tangazo la kizinduzi. Angalizo dogo: rimoti ya mgahawa huwa imeshikwa na vidole vyenye mafuta ya chapati, na kitufe cha OK kilichochoka hakishikilii. Kama kubonyeza kwa muda hakuleti menyu popote, jaribu kwanza kwenye programu unayoijua, kama YouTube. Hapo pia ikikataa, tatizo ni rimoti.

"Ninachokitumia kiko mwisho, nisichokitumia kiko mwanzo"

Hili halina mjadala mrefu. Kwenye programu unayoitaka bonyeza OK kwa muda, chagua `Move`, isogeze kwa mishale, kisha bonyeza OK kuiacha. Zile usizozitaka kwenye mstari wa kwanza zipe `Remove from favorites`. Kuwa mwangalifu na maana yake: haijafutwa, imetolewa tu kwenye mstari wa mbele, na utaikuta ukifungua `Apps`. Ukitaka kupanga orodha yote kwa mkupuo mmoja kwenye Android TV, nenda `Settings`, kisha `Device Preferences`, `Home screen`, `Reorder apps`.

Kwa Mama nilibakiza nne tu mstari wa mbele. Lakini kupanga hakukumsaidia sana, kwa sababu alichokihitaji hasa ni king'amuzi, nacho si programu. Dawa yake nitaifikia.

"Nikitaka kuifuta, neno la kufuta halipo"

Fungua `Settings`, `Apps`, `See all apps`, chagua programu. Programu uliyoweka mwenyewe itakuonyesha `Uninstall`. Iliyokuja na televisheni mara nyingi itakuonyesha `Disable` na `Uninstall updates` peke yake. Si kwamba televisheni ni mbovu au wewe huna ruhusa. Programu ile imekaa kwenye sehemu ya kumbukumbu iliyofungwa isiandikwe, pamoja na mfumo wenyewe. Masasisho yake ndiyo yanayokaa kwenye sehemu yako, ile inayojaa.

Kutokana na hilo, utaratibu una maana. Anza na `Uninstall updates`, maana hapo ndipo nafasi inaporudi. Kisha `Disable`, ili isisasishwe tena na isionekane. Ukifanya `Disable` tu kwa matumaini ya kupata nafasi, utashangaa kuona namba kwenye `Storage` haijasogea sana. Ya Mama ilikuwa televisheni ya GB 8, na sehemu kubwa ya hizo ilishachukuliwa na mfumo kabla haijatoka kwenye boksi. Ujumbe wa nafasi kuisha ulikuwa unakuja kila siku. Tulipoondoa masasisho ya programu tano ambazo hakuna aliyewahi kuzifungua, ujumbe ulikoma bila kugusa kitu kingine.

Sasa kosa langu. Miaka ya nyuma, kwenye televisheni ya mteja mwingine, niliwasha `Show system apps` nikaanza kuzima kila jina lililonikera. Moja lilikuwa jina refu la ajabu lisilo na picha. Nikazima. Nikabonyeza Home, kila kitu shwari, nikalipwa, nikaondoka. Jioni mwenye nyumba ananipigia: HDMI hazionekani, king'amuzi kimekufa, na usiku ule kulikuwa na mechi. Kile nilichozima kilikuwa ndicho kinachopokea ishara kutoka kwenye matundu ya nyuma. Nilirudi kwa bodaboda kwenye mvua ya Machi, nikaenda `See all apps`, nikashuka chini mpaka kwenye kundi la `Disabled apps`, nikakiwasha, HDMI ikarudi. Nauli sikudai.

Tangu siku hiyo nazima moja, nabonyeza Home, nafungua HDMI, nasikiliza sauti, nachomoa waya wa umeme na kuurudisha, ndipo naenda nyingine. Usiguse `Google Play services`, `Android System WebView`, kibodi ya kwenye skrini, chochote chenye neno `Input` au `Live TV`, wala kizinduzi. Chenye jina usilolielewa na kisicho na picha, kiache. Kinachokera macho huwa na picha na jina zuri.

"Nimefuta vyote, matangazo bado yapo"

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kwenye Android TV nenda `Settings`, `Device Preferences`, `Home screen`. Ukifungua `Customize channels` utaona orodha ya programu na mistari zilizoileta, kila mmoja na swichi yake. Zima yote isipokuwa ule unaoutumia kweli. Skrini itapungua papo hapo, huhitaji kuwasha upya. Unaweza pia kuondoa mstari mmoja mmoja ukiwa skrini ya mwanzo: sogea kushoto mpaka kwenye alama ya mstari, utaona kitufe cha kutoa na mishale ya kupandisha na kushusha.

Ukurasa huohuo una `Enable video previews` na `Enable audio previews`. Hizi ndizo zilizokuwa zinakula bando Uyole. Rimoti ikiachwa juu ya kigae, baada ya muda mfupi kinaanza kucheza video chenyewe, na video inapita kwenye hotspoti kama video nyingine yoyote. Huna haja ya kuniamini mimi. Kwenye simu inayotoa hotspoti fungua matumizi ya data, soma namba ya hotspoti, acha televisheni kwenye skrini ya mwanzo kwa dakika kumi rimoti ikiwa juu ya kigae cha video, kisha soma tena. Kijana wa Mama alikuwa ameshika simu, akaona namba inapanda huku sisi tunakunywa chai. "Kumbe ndiyo mwizi huyu," akasema, akazima mwenyewe.

Baada ya hapo kinabaki kitu kimoja: mstari wa juu wa matangazo, ule mpana. Huu hauna swichi kwenye `Customize channels`, kwa sababu haujaletwa na programu. Unachorwa na kizinduzi, kinachoitwa `Android TV Home`. Kwenye televisheni za miaka ya nyuma mstari huu haukuwepo zilipotoka kiwandani, uliletwa na sasisho. Kwa hizo, nenda `See all apps`, `Show system apps`, `Android TV Home`, `Uninstall updates`. Kizinduzi kinarudi kama kilivyotoka kiwandani, na mstari unatoweka. Kama televisheni yako ilitoka kiwandani na mstari huo tayari, utaondoa masasisho na hutaona tofauti. Usihangaike kurudia, nenda kwenye njia ya kizinduzi kingine hapa chini.

Wenye Google TV wana swichi ya moja kwa moja: `Settings`, `Accounts & Sign-In`, chagua akaunti yako, washa `Apps only mode`. Mistari ya mapendekezo inaondoka na zinabaki programu zako. Lakini ijue bei yake. Kutafuta kwa sauti na orodha yako ya filamu za kutazama baadaye vinaondoka pia, na bango la wadhamini la juu linaweza kubaki. Tena swichi hii ni ya akaunti, si ya televisheni. Baba akiiwasha kwenye yake na mtoto akafungua yake, mtoto atayaona matangazo yote kama kawaida, na nyumba nzima itasema fundi hajafanya kitu.

"Yaliondoka, wiki mbili baadaye yamerudi"

Mama alinipigia tena. Sikushangaa, kwa sababu siku ile umeme ulikatika kabla sijamalizia, nikaondoka nikisema nitapita. Chanzo kilikuwa Play Store. Ukiondoa masasisho ya kizinduzi na kuiacha Play Store huru, siku ya kwanza itakayopata mtandao mzuri itakisasisha tena, na mstari unarudi. Kwake ilichelewa kwa sababu hotspoti inawashwa kwa nadra. Nyumba yenye waifai ya muda wote inaweza isimalize usiku mmoja.

Fungua Play Store, ingia `Settings` zake, `Auto-update apps`, chagua kutosasisha. Hasara yake ni kwamba hata YouTube haitasasishwa yenyewe, kwa hiyo mara moja moja ingia usasishe kwa mkono zile unazozitumia, moja moja, bila kubonyeza kitufe cha kusasisha zote. Kitufe hicho kikibonyezwa, umerudi ulikoanzia.

Kama vitu vyote vimerudi kwa pamoja, pamoja na programu ulizozima, basi kuna mtu amerudisha televisheni katika hali ya kiwandani. Kukatika kwa umeme hakufanyi hivyo, ingawa ndiko kunakosingiziwa. Uliza watoto.

Ukitaka kizinduzi kingine kabisa

Kwa bango lisilotoka kwa njia yoyote, badilisha anayechora skrini. Ninachokiweka mimi ni Projectivy Launcher, kiko Play Store. Ukishakiweka kitakuomba ruhusa ya `Accessibility`. Ndani ya mipangilio yake, kwenye `General`, washa `Override current launcher`, ili kitufe cha Home kikulete kwake badala ya kwenye kizinduzi cha zamani. Cha zamani bado kipo kimelala nyuma. Ndiyo maana siku ukibonyeza Home ukakuta mabango, jambo la kwanza la kuangalia ni kama ruhusa ile ya `Accessibility` imezimika.

Sishauri kukizima kizinduzi cha zamani kwa amri za kompyuta, ingawa inawezekana. Ukikizima na kipya kikagoma, unabaki na skrini nyeusi na rimoti isiyokwenda popote. Amri nazitumia kwa programu ambayo `Disable` yake haipo kabisa. Kwenye `About`, bonyeza mstari wa `build` mara saba, washa `USB debugging` ndani ya `Developer options`, unganisha kompyuta yenye programu ya `adb` kwenye hotspoti ileile ya televisheni, kisha:

```
adb connect 192.168.43.57:5555
adb shell pm list packages -s
adb shell pm disable-user --user 0 jina.la.programu
```

Namba ya anwani badilisha kwa ile utakayoisoma kwenye televisheni, `Network & Internet`, na `jina.la.programu` badilisha kwa jina utakaloliona kwenye orodha ya amri ya pili. Skrini itauliza ruhusa, ikubali kwa rimoti. Kama `adb connect` inakataliwa, televisheni yako huenda ni mpya inayotaka `Wireless debugging` na namba ya kuunganisha kwa `adb pair` kwanza. Kurudisha ulichozima ni hivi:

```
adb shell pm enable jina.la.programu
```

Ukimaliza, zima `USB debugging`. Kuiacha wazi kwenye waifai ya nyumba ya wageni ni kumwachia mpangaji yeyote mlango wazi.

Na king'amuzi cha Mama?

Hili nililipata mwishoni, nikajilaumu kwa kutoanza nalo. Televisheni nyingi zina mpangilio wa kuamua ziwake zikiwa wapi. Kwenye Google TV uko `Settings`, `System`, `Power & Energy`, `Power on behavior`, na unachagua `Last used input`. Kwenye Android TV jina na mahali vinategemea aliyeitengeneza, ila tafuta ndani ya `Power`. Ya Mama ilikuwa nao. Nikaweka ingizo la mwisho, nikaizima ikiwa HDMI 1, nikaiwasha: ikafunguka moja kwa moja kwenye king'amuzi, habari inasomwa.

"Sasa yale mabango yako wapi?" akauliza.

Nikambonyezea Home, akaiona skrini ya mwanzo na programu zake nne. Akaitazama kidogo, akasema nirudishe habari. Programu tano nilizozima nimeziandika kwenye kipande cha karatasi nikakibandika nyuma ya televisheni, karibu na tundu la umeme, pamoja na tarehe, ili fundi atakayekuja baada yangu asianze kubahatisha.